Ripoti ya kifusi inasema "kinafaa" lakini besi inabonyea: tatizo liko wapi?

Dalili yenyewe huonekana kwenye kipande cha majaribio. Kifusi kimemwagwa, kimesambazwa na greda, kimemwagiwa maji, rola imepita mpaka opereta ameridhika. Kesho yake inanyesha mvua moja ya vuli, na tipa likipita juu yake uso unashuka chini ya gurudumu kisha unapanda tena. Ukikanyaga, buti linateleza. Ukifungua faili, ripoti ya machimbo ina muhuri, na kila mstari umeandikwa "kimefaulu".

Ukanda wa Tanga hali hii hujitokeza sana kwa vifusi vyekundu vya upande wa bara, njia za kwenda Muheza na maeneo ya juu ya barabara ya Pangani. Kokoto zake ni ngumu na zinaonekana nzuri kwa macho, lakini zimevikwa mfinyanzi mwembamba unaong'ang'ania. Mfinyanzi huo ndio unaodanganya maabara, na humdanganya fundi wa maabara anayefanya haraka kuliko anayefanya kwa subira.

Nitatumia ripoti moja ya mfano. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe ili zishikane, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida kabisa kwenye kazi. Mkataba wa mfano unataka kifusi asilia cha tabaka la msingi, yaani besi, cha daraja la G80. Kwenye mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 namba inayofuata G ni CBR inayodaiwa, yaani kipimo cha uwezo wa kifusi kubeba mzigo: G80 kwa besi yenye kazi kubwa, G60 chini yake, na G45 au G25 kwa tabaka linalobeba besi. Vikomo vingine soma kwenye mkataba wako, kwa sababu hubadilika kulingana na magari yanayotarajiwa na hali ya hewa. Vya mfano wetu ni hivi:

| Kipimo | Kikomo | Ripoti inasema |
|---|---|---|
| Kinachopita chekeche ya 0.425 mm | kati ya 12 na 32% | 19% |
| Kinachopita chekeche ya 0.075 mm | kisizidi 15% | 4% |
| Kikomo cha umajimaji (LL) | kisizidi 35 | 31 |
| Kikomo cha unyumbufu (PL) | hakuna | 24 |
| PI, yaani LL kutoa PL | isizidi 8 | 7 |
| Msinyao wa mstari (LS) | hakuna | 5.5% |
| CBR baada ya kulowekwa siku 4, kwenye 98% ya MDD | isipungue 80 | 88 |

Wakaguzi wengi hulinganisha safu ya pili na ya tatu, mstari kwa mstari, na kufunga faili. Mimi huanza kwa kulinganisha safu ya tatu na yenyewe. Udongo ni mmoja, kwa hiyo namba zake lazima zikubaliane. Hizi hazikubaliani, na kutokubaliana kwake kunaonyesha mahali pa kuchimba.

Dalili ya kwanza: PI na msinyao havielewani

Msinyao wa mstari hupimwa kwa tope lililo karibu na kikomo cha umajimaji. Linajazwa kwenye kihori cha nusu duara chenye urefu wa milimita 140, linakaushwa, kisha unapima limefupika kiasi gani. Uzoefu wa muda mrefu wa maabara umeonyesha kwamba PI huwa takriban mara mbili ya LS, au zaidi kidogo. Si kanuni ya kuandikia ripoti, lakini ni kipimo kizuri sana cha kumkamata mwongo. Kwenye mfano wetu LS ni 5.5%, yaani tope lilifupika karibu milimita 7.7. Udongo unaosinyaa hivyo unatakiwa kuwa na PI ya 11 au 12. Ripoti inasema 7.

Kati ya vipimo viwili, ninamwamini nani? Msinyao. Kihori hakina maoni. Unakipima kwa rula. PI inategemea kikomo cha unyumbufu, na hicho kinategemea mkono wa mtu anayesokota uzi wa udongo juu ya kioo mpaka uanze kukatika ukiwa na unene wa milimita 3. Msokotaji mwenye haraka huacha kusokota uzi ukifika milimita 3 ukiwa bado haujaanza kukatika, anafurahi, anapima unyevu. Udongo huo bado una maji mengi, kwa hiyo PL inatoka juu, na PI, ambayo ni tofauti tu, inatoka chini. Kosa la asilimia 4 kwenye PL ni dogo kwa macho, lakini ndilo lililogeuza 11 kuwa 7.

Kurudia kipimo hiki ni kazi ya siku mbili, nayo inalipa. Weka kipande cha waya wa milimita 3 pembeni ya kioo ili msokotaji alinganishe uzi wake nacho, si kwa kukisia. Changanya tope vizuri, lifunike, liache lilale mpaka kesho yake ili maji yaingie ndani ya mabonge ya mfinyanzi. Sampuli ianikwe kivulini au ikaushwe kwa joto la chini badala ya oveni ya nyuzi 105, kwa sababu udongo mwekundu wenye chuma ukikaushwa kwa moto mkali chembe zake laini hugandana, na baadhi hazirudi tena kuwa mfinyanzi hata ukizilowesha. Ukifanya hivyo na PI bado ikatoka 7, basi kipimo cha msinyao ndicho chenye kasoro, kwa mfano tope lililojazwa likiwa na maji mengi kupita kikomo cha umajimaji.

Dalili ya pili: chembe laini kidogo, lakini mkono unachafuka

Chukua ngumi ya kifusi hiki, kiloweshe, kisugue katikati ya viganja. Ukiosha mikono, maji yanakuwa mekundu na wekundu unabaki kwenye mistari ya kiganja. Kifusi chenye asilimia 4 tu ya chembe zinazopita 0.075 mm hakifanyi hivyo. Tena kuna ukinzani ndani ya ripoti yenyewe: kama mfinyanzi ni kidogo kiasi hicho, msinyao wa 5.5% umetoka wapi?

Sababu ni moja karibu kila mara: sampuli ilichekechwa kavu bila kuoshwa. Mfinyanzi uliokauka juu ya kokoto hauanguki kwa kutikiswa. Unabaki umeshikilia kokoto, unapimwa pamoja na kokoto, na kwenye karatasi unaandikwa kuwa kokoto. Kosa hilo hilo linaingia kwenye PI, maana sehemu inayopita 0.425 mm na kupelekwa kusokotwa inakuwa mchanga ulioachwa na mfinyanzi wake.

Tiba ni kuosha. Sampuli inapimwa ikiwa kavu, inalowekwa kwenye maji yenye dawa ya kutenganisha chembe, kisha inaoshwa juu ya chekeche ya 0.075 mm mpaka maji yatoke meupe. Hapo ndipo subira inapohitajika. Ndoo ya tano bado inaweza kuwa na rangi. Kinachobaki kinakaushwa na kuchekechwa kama kawaida, na kilichopotea kwenye maji kinahesabiwa kuwa chembe laini.

Kwenye mfano wetu, sampuli ile ile baada ya kuoshwa inatoa 13% kwenye chekeche ya 0.075 mm na 28% kwenye ile ya 0.425 mm. Angalia kwamba zote mbili zimepanda kwa 9. Hiyo ndiyo alama ya mfinyanzi uliokuwa umejificha juu ya kokoto: ukiachiliwa, unashuka moja kwa moja mpaka chini na kuongeza kila chekeche ndogo kwa kiasi kile kile. Kama ongezeko lingekuwa kwenye 0.425 mm tu na si kwenye 0.075 mm, ningeshuku kokoto laini zinazovunjika wakati wa kuosha, na hilo ni tatizo jingine.

Bado namba zote mbili ziko ndani ya kikomo. Lakini PI iliyopimwa upya kwa sehemu iliyooshwa ni 12, LL 32, PL 20, na LS 6%. Sasa udongo unakubaliana wenyewe. Zidisha PI kwa asilimia inayopita 0.425 mm uone uzito wa mfinyanzi ndani ya kifusi kizima: ripoti ya awali ilitoa 7 × 19, yaani 133, sasa ni 12 × 28, yaani 336. Ni machimbo yale yale, gunia lile lile. Hiyo 336 ndiyo iliyokuwa inateleza chini ya buti.

Dalili ya tatu: CBR nzuri mno kwa udongo wa namna hii

Kifusi chenye PI ya 12 kikilowekwa siku 4 kinaweza kufikisha CBR ya 80, hasa kama kokoto zake ni ngumu na zimepangana vizuri. Haiwezekani kukataa moja kwa moja. Lakini 88 inanifanya niombe karatasi ya kazi, ile yenye namba za penseli, si ile iliyochapwa.

Kwa njia ya moldi tatu, sampuli hushindiliwa kwa nguvu tatu tofauti. Moldi ya juu hupigwa kwa nyundo ya kilo 4.5, tabaka tano, mapigo 62 kila tabaka. Mbili nyingine hupata nguvu ndogo zaidi. Zote zinalowekwa, zinachomwa na pistoni, na unachora mstari wa CBR dhidi ya msongamano mkavu. Jibu la ripoti ni pale mstari unapokatana na 98% ya MDD, yaani 98% ya msongamano mkavu wa juu kabisa uliopatikana kwenye kipimo cha mshindilio.

Karatasi ya mfano wetu inaonyesha MDD ya 2.16. Moldi ya chini ilikuwa na msongamano wa 1.98 na CBR 28, ya kati 2.08 na CBR 55, ya juu 2.17 na CBR 88. Sasa 98% ya 2.16 ni 2.117. Nafasi hiyo iko kati ya moldi ya kati na ya juu:

```
CBR = 55 + (2.117 - 2.08) / (2.17 - 2.08) x (88 - 55)
    = 55 + 0.41 x 33
    = 68.5
```

Kwa hiyo CBR ya kifusi hiki kwenye msongamano uliotajwa na mkataba ni 68. Aliyeandika ripoti alichukua moldi ya juu, iliyoshindiliwa zaidi ya 100% ya MDD, akaiweka kwenye safu ya 98%. Hili si kosa la maabara. Moldi zilifanywa sawasawa. Ni kosa la mtu aliyehamisha namba, na linapatikana mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Ndiyo maana ninasisitiza mkaguzi asipokee ripoti ya CBR isiyoambatana na mchoro wa alama tatu. Namba moja peke yake haiwezi kukaguliwa.

Angalia pia mwinuko wa mstari. Msongamano ukishuka kutoka 2.17 mpaka 2.08, ambayo ni kama asilimia 4 tu, CBR inashuka kutoka 88 mpaka 55. Kifusi cha namna hii hakisamehe rola mvivu. Hata kama siku moja kikifikisha 80 kwenye karatasi, saiti inayoshindilia kwa 96% itakuwa inajenga G60 au chini ya hapo.

Dalili ya nne: saiti inaripoti mshindilio wa 101%, lakini uso unabonyea

Hii hufuatana na ile ya tatu. Kokoto zinazobaki juu ya chekeche ya 20 mm huondolewa kabla ya kushindilia moldi. Kwenye mfano wetu ni 18% ya sampuli. Zikizidi robo, kipimo cha CBR chenyewe hakifai tena kwa kifusi hicho. Barabarani hakuna anayeziondoa, na jiwe ni zito kuliko udongo unaolizunguka, kwa hiyo shimo la kupimia msongamano linatoa namba kubwa isiyotokana na rola.

MDD ya maabara inatakiwa kurekebishwa kabla ya kulinganisha. Tukichukua msongamano wa jiwe kuwa 2.60:

```
MDD iliyorekebishwa = 1 / (0.18/2.60 + 0.82/2.16) = 2.23
```

Shimo lililotoa 2.19 barabarani lilionekana kuwa 101%. Ukweli ni 2.19 ÷ 2.23, yaani 98%. Hapo bado limefaulu, lakini shimo lililotoa 2.13, ambalo saiti iliandika 98.6%, kwa kweli ni 95.5%. Rudi kwenye mstari wa CBR uone hiyo inamaanisha nini.

Dalili ya tano: machimbo yale yale, tipa moja zuri na jingine baya

Hapa tatizo liko chini ya ardhi. Vifusi vya ukanda huu mara nyingi ni tabaka lisilo na unene sawa, limelala juu ya mfinyanzi. Ripoti ya mfano ilitegemea sampuli ya shimo moja. Ukichimba mashimo matano ya majaribio na kupima kila moja peke yake, manne yanatoa PI ya 11, 12, 12 na 13, na la tano linatoa 19. Wastani wa yote ni 13.4, namba ambayo haipo popote kwenye machimbo. Wastani unafaa kwa mashimo manne yanayofanana. La tano ni udongo mwingine.

Kwenye shimo hilo la tano kifusi kina unene wa mita 0.6 tu, wakati kwingine kinafika mita 1.5. Opereta wa kijiko aliyeambiwa achimbe mita 1.2 kila mahali anachota nusu kifusi, nusu mfinyanzi. Ripoti iandike unene wa kila shimo na kina cha mwisho cha kuchimba, kisha kona hiyo iwekewe vigingi iachwe. Kabla ya kupanga mashimo, inafaa kumwamkia mzee mwenye shamba jirani na kumuuliza maji ya masika hutuama wapi. Mahali atakapoonyesha, mfinyanzi hauko mbali.

Kuna jambo moja la haraka kuhusu machimbo yaliyo karibu na ufukwe: pima chumvi. Chumvi ikipanda juu ya besi iliyokauka hubandua lami ya awali, na hakuna kipimo chochote kwenye jedwali la juu kitakachokuonya.

Sasa machimbo haya yafanywe nini?

Si lazima yakataliwe. Kilichokataliwa ni kuyaita G80. CBR ya 68 inayafanya yazidi kabisa mahitaji ya nguvu ya G45, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kufikiria ni tabaka lililo chini ya besi, mradi PI ya 12 iwe ndani ya kikomo cha mkataba kwa tabaka hilo. Mara nyingi huwa ndani, na besi inaletwa kutoka kwingine.

Kama kwingine ni mbali mno, njia ya pili ni kuchanganya na kitu kisicho na mfinyanzi. Tanga ina bahati ya mawe ya chokaa, na vumbi la kokoto kutoka kwenye mashine za kusaga hupatikana. Chukua vumbi lisilosokoteka kabisa, linalopita 0.425 mm kwa 35%. Ukichanganya kifusi 65 kwa vumbi 35, makadirio ya PI ni haya:

```
kifusi:  0.65 x 28 = 18.2
vumbi:   0.35 x 35 = 12.25
PI = 12 x 18.2 / (18.2 + 12.25) = 7.2
```

Ukijaribu 75 kwa 25 inatoka 8.5, ambayo haifai. Kwa hiyo gharama ya vumbi haiwezi kupunguzwa kiasi hicho. Hesabu hii ni ya kuchagua mchanganyiko wa kuupeleka maabara. Jibu ni la maabara: kuosha, PI, LS, mshindilio mpya na moldi tatu mpya, kwa sababu MDD nayo imebadilika.

Njia ya tatu ni chokaa ya viwandani, ambayo hufanya kazi vizuri pale PI inapozidi 10 kwa kuwa inabadili mfinyanzi wenyewe. Lakini ukishaitia, kifusi hakihukumiwi tena kwa jedwali la juu. Kinahamia kwenye vikomo vya kifusi kilichoimarishwa, na hiyo ni ripoti nyingine.

Ukichagua mchanganyiko wa vumbi, usiridhike na sampuli iliyochanganywa kwenye sinia la maabara. Greda huchanganya kwa kupindua, na mahali penye vumbi pungufu hubaki. Chukua sampuli barabarani baada ya kuchanganya na kabla ya rola, upande wa kushoto, katikati na kulia. Ziloweke, zioshe kupitia chekeche ya 0.425 mm, kausha kilichopita kwa joto la chini, kisha ujaze vihori vitatu vya msinyao. Kihori chochote kitakachosinyaa zaidi ya 4%, yaani milimita 5.6, kinasema upande huo bado una PI inayozidi 8, na greda irudi kuupindua kabla maji hayajamwagwa.